Mwenye kufika ndiye anayesalimia: siku ya kwanza ya Plamedi shuleni Katuba

Lubumbashi, komini ya Katuba. Jumatatu, tarehe 22 Septemba 2025, kabla jua halijapanda juu ya mabati, msichana wa miaka 10 alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha nkambo yake. Alikuwa amevaa shati jeupe na sketi ya bluu, viatu vimefungwa, mkoba tayari mgongoni. Nkambo alikuwa amemwekea chai na vitumbula vinne. Chai ilipoa. Vitumbula havikuguswa.

Hapa ataitwa Plamedi, ingawa nyumbani wanamwita kwa jina lingine. Alizaliwa Kinshasa na kukulia huko. Baba yake ni mtoto wa Katuba aliyekwenda mji mkuu akiwa kijana, akaoa huko, akazaa huko. Mwaka huu baba alipata kazi ya kuendesha kamyo kati ya Kolwezi na Lubumbashi. Akaamua kumleta binti wake mkubwa kwa mama yake mzazi, na mama wa Plamedi abaki kwanza Kinshasa na wadogo hadi pesa ya tikiti zao ipatikane. Hata tikiti ya Plamedi ilichelewa. Shule zilifunguliwa tarehe 1 Septemba; yeye alishuka kwenye ndege wiki mbili baadaye. Kwa hiyo siku yake ya kwanza haikuwa siku ya kwanza ya mtu mwingine yeyote. Wenzake wa mwaka wa tano walikuwa wameshapata viti vyao, marafiki wao, na hata maadui wao.

Zaidi ya hayo, saa ya Lubumbashi iko mbele ya saa ya Kinshasa kwa saa moja. Kengele ya shule ilipigwa saa 7:30, lakini mwili wa Plamedi ulisema ni 6:30 na kwamba ilikuwa mapema mno kwa mambo kama haya.

Aibu ya Plamedi haikuanzia Lubumbashi. Hata Kinshasa alikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya mama yake wageni wakija. Ila kule, akijikaza, maneno yalikuwepo. Hapa maneno yenyewe ndiyo yaliyomwogopesha, na sababu yake ilikuwa kisa cha moto.

Siku yake ya pili kwa nkambo, mtu alibisha mlangoni. Nkambo alikuwa nyuma ya nyumba, anafua. Plamedi alimwita kwa Lingala, lugha pekee aliyoizoea nyumbani pamoja na Kifaransa cha shule: « Moto azali na porte! » Alitaka kusema kwamba kuna mtu mlangoni, kwa sababu kwa Lingala « moto » ni mtu. Nkambo, ambaye maisha yake yote ameongea Kiswahili na Kiluba, alisikia maneno mawili tu: moto, na mlango. Aliinua beseni la nguo na maji yake yote, akazunguka nyumba mbio, akamwagia maji jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Jirani alicheka hadi akakaa chini. Avenyu nzima ilicheka. Kwa siku tatu watu waliopita walikuwa wanauliza kama moto umeshazimwa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na nkambo mwenyewe alisimulia kisa hicho kwa upendo. Lakini kwa mtoto mwenye aibu somo lilikuwa moja: hapa neno lolote, hata lile unalolijua tangu utoto, linaweza kugeuka kinywani na kukuchekesha mbele ya watu. Tangu siku hiyo Plamedi alijibu kwa kichwa. Ndiyo kwa kichwa, hapana kwa kichwa, asante kwa kichwa.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo watu wazima waliliongea mbele yake wakidhani haelewi. Katiba ya mwaka 2006 inazitaja lugha nne za taifa, na Lingala na Kiswahili zote mbili zimo, sawa na Kikongo na Tshiluba. Hiyo ni karatasi. Barabarani mambo ni tofauti kidogo. Tangu wakati wa ukoloni Lingala ndiyo lugha ya jeshi, na kwa wazee wengi wa mashariki na wa Katanga iliwafikia kwanza kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Baadaye ikaja pia na watu wa mji mkuu, wanaosifika kwa kujisikia. Shangazi mmoja alipomwona Plamedi alimwambia nkambo: « Umufundishe Kiswahili mbio, basimwite mtoto wa Kinshasa. » Plamedi hakuelewa sentensi yote. Alielewa Kinshasa, na alielewa sura ya shangazi.

Nkambo alimfundisha. Kila jioni walikaa mbele ya mbabula wakisubiri maji ya bukari yachemke. Nkambo alianza na salamu, kwa sababu, anavyosema yeye, asiyejua kusalimia hana haja ya kujua kitu kingine. Unakuta mtu mmoja: « Jambo. » Unakuta watu wengi, au mtu mkubwa: « Jambo yenu. » Wao wanajibu: « Jambo sana. » Plamedi alijifunza haraka. Alisema « jambo yenu » kwa sufuria, kwa paka, kwa nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Kwa sufuria sauti yake ilikuwa nzuri kabisa.

Asubuhi ile ya Jumatatu nkambo alimsindikiza hadi kwenye mlango wa shule, akamnyoosha kola, akamwambia neno moja: « Mwenye kufika njo anasalimia. Usingojee bakusalimie. » Plamedi alitikisa kichwa kama kawaida. Aliyasikia maneno, lakini hakujua kwamba ndani yake mlikuwa na sheria. Alidhani nkambo anasema kitu kile ambacho wakubwa husema mlangoni, kama « uwe na adabu » au « usipoteze biki ».

Ndani, watoto walikuwa wamejaa uwanja. Chini ya mwembe, wasichana watano walikuwa wamekaa kwenye mizizi, wengine wakisukana, wengine wakikunja kamba ya kuruka. Shati zao na sketi zao zilikuwa sawa na zake. Mmoja wao, aliyefunga utepe mwekundu, alionekana kuwa mkubwa wa kundi. Plamedi alisogea hadi hatua tatu kutoka kwao akasimama. Alishika mikanda ya mkoba kwa mikono miwili, akatazama chini, akangoja.

Kinshasa, anaeleza yeye mwenyewe, mtoto mpya akija wenzake wanamzunguka na kumuuliza maswali mpaka anachoka. Basi aliwapa nafasi ya kumzunguka. Hawakumzunguka. Waliinua macho, wakamtazama, wakanyamaza. Ukimya ule ulikuwa na maana mbili kwa wakati mmoja. Yeye alikuwa anafikiri: hawanitaki. Wao walikuwa wanafikiri: huyu amefika, ametukuta, na hasalimii.

Baada ya kitambo msichana wa utepe mwekundu alisema na mwenzake kwa sauti ya chini, lakini si chini vya kutosha: « Anajivuna. Ni wa Kinshasa. » Plamedi alishika neno la mwisho. Akageuka, akaenda kusimama kwenye ukuta wa vyoo, mahali ambapo hakuna anayesimama kwa kupenda.

Kengele, ambayo ni ringi ya gari iliyoning'inizwa kwa waya, ilimwokoa. Watoto walipanga mistari mbele ya mlingoti. Bendera ilipandishwa, na wimbo wa taifa ukaanza. Hapo kitu kidogo kilitokea ambacho mwalimu wake alikiona na kukikumbuka baadaye: mtoto mpya, aliyeingia kimya kama kivuli, aliimba. « Debout Congolais » ni ule ule Kinshasa na Lubumbashi, maneno yale yale ya Kifaransa, na sauti moja katikati ya mia kadhaa haimwaibishi mtu. Kumbe sauti alikuwa nayo. Alichokosa ni njia ya kuitoa akiwa peke yake.

Darasani kulikuwa na wanafunzi zaidi ya 60, watatu watatu kwenye kila benchi, na mabenchi ya nyuma wanne. Mwalimu alimsimamisha Plamedi mbele ya ubao. « Huyu ni mwenzenu mpya. Ametoka Kinshasa. Mumpokee vizuri. Haya, tuambie jina lako. » Plamedi alilisema jina lake, lakini alilisema ndani ya kola. Sauti ya mvulana ikatoka nyuma: « Hatusikii! » Wengine wakarudia, kwa kucheza tu, « Hatusikii, hatusikii! » Mwalimu aliona macho ya mtoto yanaanza kujaa, akafanya ambalo mwalimu yeyote mwenye huruma angelifanya. Akalisema jina mwenyewe kwa sauti kubwa, akawanyamazisha wa nyuma, akamkalisha Plamedi benchi la kwanza, kando ya ukuta, na wavulana wawili.

Mwalimu anakiri leo kwamba huruma ile ilikuwa na kasoro. Alimtoa mtoto kwenye shida, lakini alimtoa pia kwenye nafasi yake. Mbele ya macho 60, mgeni alikuwa ameingia, ametajwa, na amekaa, bila kusalimia na bila kuitikiwa. Kwa darasa ilikuwa kana kwamba hajafika bado.

Saa mbili za kwanza zilipita kwa hesabu na Kifaransa, na hapo Plamedi hakuwa nyuma ya mtu. Sehemu aliyoandika ilikuwa safi, majibu yake yote yalikuwa sawa. Ila masomo ya Kifaransa hayatembei nje ya mlango wa darasa. Mtoto wa Katuba akitoka kwenye jua la saa nne anaongea Kiswahili, na mtu akimsalimia « bonjour » wakiwa wenyewe chini ya mwembe, anajiuliza huyu anamwonyesha nani. Plamedi alilihisi hilo bila kuambiwa. Lingala hapana, Kifaransa hapana. Limebaki lile « jambo yenu » alilowahi kuliambia sufuria.

Wakati wa mapumziko alitoka na vitumbula vyake. Nkambo alikuwa amevifunga kwenye karatasi na kuviingiza kwenye mkoba bila kusema kitu. Alirudi kwenye ukuta ule ule. Kutoka pale aliona mwembe vizuri, na kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, alitazama.

Wasichana wa utepe mwekundu walikuwa tayari wamekaa. Msichana mmoja akatoka darasa lingine akawaendea. Kabla hajakaa alisema kitu, wote wakaitikia, akakaa. Akaja wa pili, mwenye kaye mkononi. Akasema kitu, wakaitikia, akakaa. Wa tatu alikuja mbio, akakaribia kupita, lakini naye alipunguza mwendo, akasema, wakaitikia, akaendelea na mbio zake. Wa nne alikuwa mama mwenye kuuza karanga, mtu mzima, na yeye pia alisalimia kwanza watoto aliowakuta, kisha akatua kapu lake.

Watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyengoja kusalimiwa. Na katika waliokaa, hakuna hata mmoja aliyeanza. Si kwamba waliokaa walikuwa wakali. Walikuwa wanangoja tu, kama mtu anayengoja mlango ubishwe ndipo aseme karibu.

Hapo maneno ya nkambo yalimrudia, na safari hii yalikuja na maana yake. Mwenye kufika ndiye anayesalimia. Hawakumnyamazia kwa kumchukia. Asubuhi alifika, akasimama hatua tatu kutoka kwao, akanyamaza. Kwa watu wa hapa, kufanya vile ni kama kuingia nyumbani kwa mtu bila kubisha na kusimama katikati ya chumba. Yeye ndiye aliyewanyima salamu.

Kuelewa kulimpunguzia nusu ya hofu. Ile ya kukataliwa iliondoka. Iliyobaki ilikuwa hofu ya kinywa: sauti itatoka au haitatoka, na ikitoka itageuka moto? Tena kulikuwa na tatizo ambalo mtu mzima asingelifikiria. Alikuwa amesimama ukutani karibu dakika kumi, na wote walikuwa wamemwona. Mtu aliyekuwepo tayari anasalimiaje? Salamu ni ya mwenye kufika. Yeye hakuwa tena mwenye kufika.

Akapata dawa yake mwenyewe. Alikunja karatasi ya vitumbula, akatoka ukutani, akatembea hadi kwenye mlango wa shule. Akagusa chuma cha mlango kwa mkono. Akageuka. Sasa alikuwa anafika.

Kutoka mlangoni hadi mwembe ni hatua kama arobaini. Anasema alizihesabu kwa Lingala ili akili isipate nafasi ya kukataa. Alipokaribia alijiambia kwamba atasema akifika kwenye kivuli, si kabla na si baada. Kivuli kilikuwa kimechora mstari kwenye udongo mwekundu. Alipoukanyaga, alifungua kinywa.

Hakuna kilichosikika. Wavulana walikuwa wanapiga mpira wa matambara dhidi ya ukuta, na « jambo yenu » yake iliishia kwenye meno. Msichana mmoja tu aliinua kichwa, kama mtu anayehisi nzi. Plamedi alikuwa na njia mbili: kupita moja kwa moja kana kwamba alikuwa anakwenda kwingine, au kusimama. Miguu, anasema, ilitaka kupita. Lakini kupita kungekuwa mara ya pili siku moja kuwapita watu bila salamu, na hiyo haitengenezeki tena.

Akasimama. Akavuta pumzi kama alivyovuta mbele ya bendera, akatoa sauti ile ya wimbo:

« Jambo yenu! »

Ilikuwa kubwa mno. Hata mpira ulisimama. Kwa kitambo cha kupepesa jicho hakuna aliyesema kitu, na Plamedi alihisi masikio yake yanaungua.

Kisha wote pamoja, kama walivyofanya kwa wale wanne wa kwanza, kama wanavyofanya kwa kila mtu: « Jambo sana! »

Msichana wa utepe mwekundu alisogea kwenye mzizi, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Hakusema « karibu ». Kusogea kulitosha. Plamedi alikaa.

Yaliyofuata hayakuwa rahisi kama hadithi. Salamu inafungua mlango, na nyuma ya mlango kuna maswali. « Jina yako ni nani? » Hilo alilijua. « Unatokea wapi? » Hilo alilikisia, akajibu « Kinshasa », akangoja waone ubaya. Mmoja aliuliza kama ni kweli kule kuna mto mkubwa hata huoni ng'ambo. Plamedi alieleza kwa mikono kwamba ng'ambo inaonekana, na kwamba ng'ambo hiyo ni nchi nyingine, Brazzaville. Hawakumwamini. Ubishi ulianza, na katika ubishi hakuna anayekumbuka aibu.

Alifungua karatasi yake, akaanza kula. Msichana mdogo wa kundi, aliyekuja kuchelewa, alisalimia, akamwona mgeni ameinama na mdomo unatembea, akamwuliza: « Weye, unafanya nini? » Plamedi, kinywa kimejaa, alijibu kwa lugha iliyokuwa karibu: « Nazolia. » Ninakula.

Wasichana walishtuka. Kwa masikio ya Kiswahili alikuwa amesema analia. Mmoja alimshika bega. Mwingine akauliza nani amempiga, ni yule mvulana wa « hatusikii »? Wa utepe mwekundu aliinuka kabisa, tayari kwenda kumtafuta. Plamedi aliwatazama mmoja mmoja, macho yake makavu, kitumbula mkononi, haelewi kwa nini watu wamkasirikie mtu kwa sababu yeye anakula. Kisha akaelewa. Alionyesha kitumbula, akaonyesha kinywa, akasema tena polepole: « Kolia. » Akapitisha kidole chini ya jicho kama chozi, akatikisa kichwa: hapana. Akapeleka kitumbula kinywani: ndiyo.

Kicheko kilichotokea kilisikika hadi kwa direkta. Lakini safari hii Plamedi alikuwa ndani ya kicheko, siyo mbele yake. Alicheka hadi akakohoa unga. Baadaye, wakiwa wametulia, aliwasimulia kisa cha moto na beseni la nkambo, nusu kwa Kifaransa, nusu kwa mikono, na neno la Kiswahili pale lilipopatikana. Kile kilichokuwa kimemfunga kinywa kwa wiki nzima kikawa kitu cha kwanza alichowagawia. Vitumbula vitatu vilivyobaki vikawa cha pili.

Ilikuwa msichana wa utepe mwekundu aliyerudi kwenye jambo la asubuhi. Watoto wa umri ule hawaombi radhi kwa maneno marefu. Alisema: « Asubui tulikuwa tunakungoja. Weye ulinyamaza. » Plamedi akajibu kwa maneno aliyoyapanga vizuri kichwani kabla ya kuyatoa: « Na miye nilikuwa ninangoja. »

Mwalimu alipata habari nzima kabla ya kengele ya mwisho, kwa sababu darasa la mwaka wa tano halifichi kitu. Hakutoa hotuba. Lakini siku chache baadaye, alipoletewa mvulana mgeni kutoka Likasi, hakumsimamisha mbele ya ubao na kumwuliza jina. Alimwacha nje ya mlango kwanza, akamwinamia, akamwambia: « Ingia, uwasalimie. Watakuitika. » Mtoto aliingia, akasema salamu yake nusu nusu, na darasa zima likasimama na kuitikia kwa sauti moja, kama wanavyofanya direkta akiingia. Jina lilifuata baadaye, benchini, kati ya mtoto na mtoto. Mwalimu anasema inachukua dakika moja, na kwamba mtoto mwenye aibu anaweza kubeba maneno mawili anayoyajua, lakini hawezi kubeba maswali asiyojua yataishia wapi. Anaongeza kwamba haimfai kila mtoto. Mwenye kulia mlangoni anamwacha hadi kesho.

Saa sita na nusu mchana nkambo alikuwa amekaa mbele ya nyumba na jirani wawili. Mmoja ni yule wa chumvi. Walikuwa wanachambua sombe. Plamedi alikuja peke yake kutoka kona ya avenyu, mkoba begani, viatu vyekundu kwa vumbi. Kwa siku zote tangu aje alikuwa anawapita wakubwa hawa na kichwa chini, moja kwa moja ndani. Nkambo alimtazama bila kuacha kazi.

Mtoto alifika, akasimama mbele yao.

« Jambo yenu. »

« Jambo sana, mama », waliitikia wote watatu, na yule wa chumvi akaongeza kwamba leo hajaja na koti la mvua, kama kuna moto wamwambie mapema.

Nkambo alingoja kicheko kipite. Kisha akauliza: « Ulibasalimia? »

« Niliwasalimia. »

« Bakakuitika? »

« Wakaniitika. »

« Basi », nkambo akasema, akashika jani lingine la sombe, « leo njo umefika. »